Mogadishu Niliyoiona Magongo

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tuliolelewa Changamwe mnamo mwaka wa 1992 tuliwaona wageni kwa wingi, wakishuka na kuruka mchana kutwa juu ya mapaa yetu ya mabati. Kuanzia mwezi wa Agosti mwaka huo, ndege kubwa za kijeshi za Marekani, zile zenye injini nne na tumbo pana, ziliufanya uwanja wa ndege wa Moi, pale Port Reitz, kuwa kituo cha kusafirisha chakula hadi Somalia na kaskazini mwa Kenya. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nilijua saa ya kurudi nyumbani kwa mngurumo wa ndege hizo, na nilipoulizwa shuleni ningependa kuwa nani ukubwani, nilijibu bila kusita: rubani wa ndege ya unga.

Miaka kumi baadaye nilikutana tena na Wamarekani wale, safari hii katika banda moja la video huko Magongo. Lilikuwa banda la mabati lililozibwa madirisha kwa magunia, lenye mabenchi ya mbao, feni moja isiyozunguka na runinga iliyowekwa juu ya kabati. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Filamu yenyewe ilikuwa Black Hawk Down ya mwelekezi Ridley Scott, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2001. Nakala yetu, bila shaka, haikuwa halali. Kijana mmoja aliketi kando ya runinga akitufasiria maneno kwa sauti ya juu, na pale alipokosa kuelewa, alitunga yake. Tulishangilia, mpenzi msomaji. Kila Msomali alipoanguka kutoka darini, banda zima lilipiga makofi, nami nikiwa miongoni mwao, ilhali nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wakiishi watu waliotoka Barawa.

Nimekuwa mpenzi wa historia tangu utotoni, na mpenzi wa historia anapotazama filamu ya vita huwa na ugonjwa wa kuuliza maswali madogo madogo: bunduki ile ilikuwako mwaka ule? Mtaa ule ni wa wapi? Kwa kipimo hicho filamu hii imefuzu. Ijapokuwa ilipigwa picha Moroko, helikopta zake ni zile zile hasa, kwa kuwa jeshi la Marekani lilizitoa pamoja na marubani wake. Mpangilio wa mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 umefuatwa kwa karibu: kikosi kinaingia karibu na soko la Bakaara kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, kazi iliyotarajiwa kuchukua kama saa moja, helikopta mbili zinaangushwa, wanajeshi wanakwama usiku kucha hadi wanapookolewa na msafara wenye magari ya deraya ya Wapakistani na Wamalaysia. Kwa muda mrefu niliamini kwamba usahihi wa namna hii ndio ukweli wa filamu. Nilikosea, na kosa langu lilianzia mwanzoni kabisa mwa filamu, kwenye yale maandishi yanayosomeka kabla ya mapigano.

Maandishi hayo yanaeleza njaa ya Somalia, kisha yanataja wanajeshi 24 wa Pakistani waliouawa tarehe 5 Juni 1993. Hayo yote ni kweli. Kutoka hapo filamu inaruka hadi Oktoba. Kilichorukwa ni tarehe 12 Julai. Siku hiyo helikopta za Marekani ziliishambulia kwa makombora nyumba moja ya Mogadishu ambamo wazee na viongozi wa ukoo wa Habar Gidir walikuwa wamekutana. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitaja waliouawa 54, ilhali Wamarekani walitaja idadi ndogo zaidi. Waandishi wa habari walipofika kupiga picha za maafa hayo, umati wenye hasira uliwageukia na kuwaua wanne: Hansi Krauss, Mjerumani, Dan Eldon, aliyelelewa Nairobi, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia.

Mark Bowden, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hiyo, hakuiruka Julai. Aliwapa Wasomali nafasi, akaeleza kwa nini watu waliopelekewa chakula walifikia hatua ya kuwachukia waliowaletea. Filamu iliikata sehemu hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji wa Magongo anaiona halaiki ya watu ikitoka vichochoroni na bunduki bila sababu yoyote, mithili ya nyuki waliotoka mzingani bila mtu kuutia moto. Hapa ndipo ninapoanzia siku hizi kuipima filamu yoyote ya vita: hadithi inaanza tarehe gani, na tarehe hiyo inamfaa nani? Sadfa ya kuanzia haipo. Ukianza Juni ukaruka Julai, Oktoba inakuwa wazimu wa watu weusi. Ukiitia Julai, Oktoba inakuwa kisasi, na kisasi kina mantiki yake hata kama kinatisha.

Sina nia ya kuionea filamu hii. Yamo matukio mawili matatu yanayoonyesha kwamba waliyoitengeneza walijua wanalolifanya. Mwanamke mmoja anakimbilia bunduki ya mtu aliyeanguka, huku askari akimsihi kwa sauti ya chini asiiguse. Anaigusa, naye anapigwa risasi. Aidha, yupo mfungaji wa rubani Michael Durant, anayeitwa Firimbi (jina lililolichekesha banda letu kwa dakika nzima), anayepewa nafasi ya kumwambia mateka wake kwamba kuondoka kwa Aidid hakutaleta amani. Hata hivyo, nyakati hizo ni fupi, na kamera huziacha haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Tuzo mbili za Oscar ilizozipata zilikuwa za uhariri na sauti, na kwa kweli hapo ndipo nguvu yake ilipo. Muziki unapanda helikopta zinaporuka juu ya bahari. Maganda ya risasi yanadondoka polepole. Moyo wa mtazamaji unadunda kwa mdundo wa mhariri. Mtu hawezi kuhuzunika na kudunda hivyo kwa wakati mmoja.

Mwisho wake ndio ulionizindua, ingawa nilihitaji kuitazama mara tatu. Skrini inatuarifu kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa pamoja na wanajeshi 19 wa Marekani. Kisha yanafuata majina. Ni majina 19.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili halina dawa. Mwelekezi Mfaransa François Truffaut alipata kudai kwamba kila filamu kuhusu vita huishia kuvipendezesha. Ushahidi wake ungeweza kuongezewa na kilichotokea Mogadishu kwenyewe mnamo Januari 2002: nakala zisizo halali zilipoonyeshwa huko, watazamaji walishangilia kila Mmarekani alipouawa. Filamu ile ile, makofi yale yale, ila maiti walikuwa wengine. Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa kama kioo, kwani ilinionyesha banda letu la Magongo likiwa limegeuzwa nyuma mbele. Filamu iliyokusudiwa kuomboleza ilikuwa imetoa mchezo wa mpira, na kila upande ukachagua timu yake.

Hata hivyo, sikubaliani na Truffaut kikamilifu, na sababu yangu ni filamu ya Senegali, Camp de Thiaroye ya mwaka wa 1988, iliyoelekezwa na Ousmane Sembène akishirikiana na Thierno Faty Sow. Sembène mwenyewe alikuwa ametumikia jeshi la Kifaransa katika Vita Vikuu vya Pili. Inasimulia habari za wanajeshi Waafrika waliorejea kutoka Ulaya mwaka wa 1944, baadhi yao wakiwa wametoka katika kambi za mateka za Wajerumani, wakawekwa Thiaroye karibu na Dakar wakingoja malipo. Ni filamu ndefu inayopita saa mbili na nusu. Katika muda huo wote mtazamaji wa Magongo angedai arudishiwe shilingi kumi zake, maana watu wanagombana juu ya chakula kibovu, wanavuliwa sare, na wanabishania thamani ya kubadilishia fedha zao, ambayo maofisa wanataka kuikata nusu. Ofisa anakubali kuwalipa kwa haki. Wao wanaimba na kucheza. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba vifaru vinakuja.

Shambulio hilo si refu, na limepigwa picha kwa namna isiyompa mtazamaji mahali pa kushangilia. Anayeviona vifaru kwanza ni Pays, mlinzi aliyepoteza uwezo wa kusema kwa mateso ya Buchenwald, anayevaa kofia ya chuma ya Kijerumani. Anawaamsha wenzake kwa ishara na milio. Nao, kwa upole, wanamrudisha kitandani wakidhani kichaa chake kimempanda. Kwa saa mbili tumejifunza majina yao, wanavyokula, wanachokusudia kununua wakifika kwao. Mizinga inapolia hatuhesabu maiti, tunawatambua. Tena Sembène hakumalizia hapo: tunaiona meli ikiwapakia vijana wapya kwenda vitani.

Baada ya kuitazama filamu hiyo katika ukumbi wa mihadhara, nilimwendea yule jirani wetu wa Barawa, mzee aliyefika Mombasa kwa jahazi na kuishi katika kambi ya wakimbizi ya Utange, upande wa Kisauni, kabla ya kuhamia kwetu. Nyumbani kwake husemwa Chimwiini, lahaja ya kaskazini kabisa ya lugha yetu, na mara nyingi nilikuwa nimemhoji kuhusu misamiati yake kwa ajili ya insha zangu. Sikuwahi kumuuliza kuhusu vita.

"Babu," nilimwambia, "ile sinema ya Mogadishu uliwahi kuiona?"

"Niliisikia," alinijibu. "Banda lenu halikuwa mbali, mwanangu. Nikikaa hapa barazani nasikia makofi."

Nilinyamaza. Akamwita mjukuu wake alete kahawa, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba Barawa haikuingiliwa na Wamarekani. Wanamgambo wa koo mbalimbali waliupora mji kwa zamu tangu mwaka wa 1991. Kundi moja likitoka, jingine linaingia, na kila moja lilibeba lililosazwa na lililotangulia, hadi milango. Hapakuwa na vita hapo, alisema, kwa sababu wa Barawa hawakuwa na bunduki. Nilimuuliza kama hayo yangefaa kutengenezewa filamu. Alifikiri kidogo.

"Ataitazama nani?" akauliza. "Mtu anakaa ndani, mlango umekwisha kubebwa, anangoja. Siku ya pili anangoja. Wenye banda lenu watataka pesa zao."

Kahawa ikaja. Alinimiminia kikombe cha kwanza, akaanza kunitajia kwa Chimwiini majina ya majirani wa mtaa wake wa Barawa, nyumba kwa nyumba kuanzia msikitini kuelekea pwani, nami nikatoa daftari.