Faida Iliyo Daftarini

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa, mama mwenye duka la leso, alinihadithia mambo ambayo nimeona yafaa kusomwa majumbani mwetu.

Binti yake alimletea mpango wa biashara ulioandikwa kwa hati nzuri. Mtaji ulikuwa shilingi 60,000. Angenunua leso jozi 60 Mtaa wa Biashara kwa shilingi 800 kila jozi, jumla 48,000. Zilizobaki, 12,000, zingelipa kodi ya chumba mwezi wa kwanza. Kila jozi angeiuza 1,000. Chini ya karatasi ameandika: "Faida kwa mwezi, 12,000. Nusu ya wateja watachukua kwa mkopo."

Mama akaisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Ndiyo iliyomwangusha yeye alipoanza.

"Mwanangu," akamwambia, "tuseme zote 60 zimeuzika, 30 taslimu na 30 kwa mkopo. Mkononi una ngapi?"

"Thelathini elfu, mama."

"Toa kodi ya mwezi wa pili."

"Zimebaki 18,000."

"Utanunua jozi ngapi?"

Binti akapiga hesabu, akanyamaza. Jozi 22 tu. Na faida ya jozi 22, hata zikiuzwa zote taslimu, ni 4,400, nayo haifikii kodi.

Mama akamweleza kuwa rafu zake zilipungua hivyo hivyo, ilhali daftari likimwonyesha faida kila mwezi. Faida ile ilikuwa majumbani kwa watu. Tena alikuwa akitoa droo ya duka pesa za unga na mafuta bila kuandika, akidhani anakula faida, kumbe anakula mtaji. Akamwonyesha binti kwamba hata mpango wake haukutaja posho yake mwenyewe, na asiyejiandikia posho huichukua kimyakimya.

Hakuichana karatasi. Waliiandika upya pamoja. Binti ataanza kwa rafu moja katika duka la mama, bila kodi. Mkopo hautapita jozi 10 kwa wakati mmoja, na mchukuaji atatanguliza nusu ya bei. Hivyo jozi 60 zikiuzwa, mkononi zitaingia 55,000: atarudisha mzigo wa 48,000, na katika 7,000 zinazosalia atachukua posho ya 3,000, iandikwe.

Na kila Alhamisi jioni atahesabu bidhaa zilizopo kwa bei ya kununulia, aongeze pesa taslimu, aache madeni kando. Jumla ikishuka wiki hadi wiki, mtaji unaliwa, hata daftari liseme vipi. Hapo asimamishe mikopo na adai kwanza zilizo nje, kabla ya kununua hata jozi moja.

Binti aliuliza, "Na mteja akikasirika nikimnyima?"

"Ataudhika siku moja," akajibu mama. "Wangu niliowakopesha walianza kupita njia nyingine, nikapoteza leso na wateja pia."