Mabepari Wangapi wa Venisi?

Nikiwa chuo niliwahi kumsahihisha Mwalimu Nyerere kwa kalamu nyekundu. Kwenye nakala yangu ya Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya 1969, niliandika pembeni: "Kosa. Ni mfanyabiashara, tena mmoja."

Baba mdogo aliiona, akacheka. "We mtoto, bepari zamani alikuwa mfanyabiashara tu." Nikafuatilia, nikakuta kweli: neno lilitujia na Wahindi, na kwao maana yake ni hiyohiyo. Mimi nililijua kama tusi la kisiasa, basi.

Lakini msomaji wa 1969 naye alilisikiaje? Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, na aliyelitangaza ndiye huyuhuyu mtafsiri. Kwa msomaji huyo bepari alishakuwa mnyonyaji. Jina lilimfikia sawasawa, na linatamkika vizuri. "Mfanyabiashara wa Venisi" lina harufu ya leseni ya duka.

Hapo ndipo usahihi unapodai chake. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni Antonio, na Antonio hukopesha bila riba. Hiyo ni sababu mojawapo ya Shailoki kumchukia. Wingi ule unawatia wote wawili kapu moja, na Antonio anahukumiwa hata kabla mchezo haujaanza. Ukisoma Kiswahili peke yake hulioni hilo, maana sentensi inateleza tu. Lazima urudi kwenye Kiingereza.

Juzi nimeifungua tena ile nakala. Neno "kosa" nimelikata. "Mmoja" nimeliacha.