Bibi Aliyeandikwa "Hajalipa"

Chama kimoja cha wakulima wa pamba hapa Bariadi kiliniomba nikague oda za dawa ya wadudu. Bibi mmoja mjane aliandikwa hajalipa, naye ameshika simu yenye ujumbe wa malipo. Oda yake ilikuwa BRD-0147. Karani wa malipo aliandika "brd 147". VLOOKUP ilipotafuta ikajibu #N/A. Herufi kubwa na ndogo haizibagui. Kilichoikwamisha ni kistari, nafasi na ile sifuri. Basi katika majedwali yote mawili tuliongeza safu ya kubakiza tarakimu tupu:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(A2),"BRD",""),"-","")," ",""))
```

Zote mbili zikawa 147. UPPER ni ya lazima, maana SUBSTITUTE yenyewe hubagua herufi. VLOOKUP ikatafuta kwa safu hiyo mpya, nasi tukaimalizia kwa FALSE; pasipo neno hilo ingeweza kumpa bibi fedha za jirani kimyakimya, na heri #N/A kuliko hilo. Palipoandikwa herufi O badala ya sifuri ilitoka #VALUE!. Hizo tulizisahihisha kwa macho, daftari la risiti likiwa pembeni. Bibi alichukua dawa yake jioni ile.