Bango lililochelewa siku nne

Bango letu la Siku ya Malaria Duniani la mwaka 2019 lilitoka Jumatatu, Aprili 29. Siku yenyewe ni Aprili 25. Mfuatiliaji mmoja akaandika chini yake, "Poleni na safari." Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana mwenye ukurasa nilikuwa mimi.

Tulikuwa wanne katika taasisi ndogo ya afya jijini Dar es Salaam: mimi mwandishi, kijana wa kutengeneza mabango, daktari aliyefika ofisini mara mbili kwa wiki, na mkurugenzi. Kila kitu kilipita kwenye kundi la WhatsApp. Bango liliwekwa humo Jumatano jioni, mkurugenzi akajibu kwa dole gumba. Dole lile lilikuwa "nimeona" au "rusheni"? Sikuuliza. Daktari alikuwa wodini, akalifungua Alhamisi usiku. "Jamani, hilo msirushe," akaandika. "Si kila homa ni malaria. Waambieni wapime kwanza." Sisi tulikuwa tumewahimiza watu wawahi dawa mara tu mwili unapochemka. Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Muungano, kijana ameshakwenda kwao Bagamoyo, na faili la bango liko kwenye kompyuta iliyofungiwa ofisini.

Nikatengeneza kalenda kwenye Google Sheets. Ile ya kwanza ilipendeza macho tu: tarehe, mada, rangi tofauti kwa Instagram na Facebook. Tukaendelea kuchelewa vilevile, ila sasa tukijua tumechelewa nini. Ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba haikusema kazi iko mikononi mwa nani na anatakiwa aiachie lini. Nikaongeza safu tatu: "Hali", "Iko kwa" na "Mwisho". Hali ilikuwa ya kuchagua kwenye orodha, mtu asije akajiandikia "karibu tayari": Rasimu, Kwa daktari, Kwa mkurugenzi, Tayari, Imetoka.

Tarehe ya rasimu tukawa tunaihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, kwa siku za kazi. Sikukuu niliziorodhesha kwenye karatasi ya pembeni, na fomula ikaziruka yenyewe:

```
=WORKDAY(A2,-5,Sikukuu!A2:A30)
```

Nikaijaribu kwa Aprili 25 ile ile. Mwaka ule Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 19 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 22. Jibu likaja Aprili 16. Siku tano za kazi zilikuwa zimemeza siku tisa za kalenda, na sisi tulianza kuandika tarehe 23! Idi ndiyo iliyotusumbua, kwa kuwa husubiri mwezi uandame; hiyo tuliiwekea mistari miwili, siku mbili zinazofuatana, mmoja tukaufuta.

Jambo lililookoa muda kuliko yote lilikuwa kumpelekea daktari maneno matupu, kabla bango halijachorwa. Kurekebisha sentensi ni dakika moja, kupanga upya bango zima ni nusu siku. Yeye aliangalia ukweli wa kitabibu tu. Mkurugenzi aliangalia jina la taasisi, nembo za wafadhili, na kama mtu aliye pichani ametia saini ya kukubali. Zamani wote wawili walikuwa wakibishana nami juu ya koma.

Tulikubaliana pia maana ya ukimya. Mkurugenzi asipojibu hadi saa 6 mchana ya siku yake ya mwisho, nilikuwa na ruhusa ya kuendelea. Daktari asipojibu, bango halitoki. Mahali pake huingia moja kati ya mawili ya akiba aliyokwisha kuyapitisha, mara nyingi lile la kunawa mikono. Na neno lolote likiguswa baada ya "Tayari", hali inarudi "Rasimu", hata kama ni herufi moja. Kijana alinung'unika sana, mpaka siku aliposahihisha tahajia akafuta "si" kwenye sentensi ya dawa.

Kilichokuwa tayari tulikipangia saa kwenye Meta Business Suite, kikajirusha chenyewe. Nikajiona nimemaliza kazi. Usiku wa Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kwenye televisheni kifo cha Rais Magufuli. Nilikuwa nimekaa na mama sebuleni, hakuna aliyesema kitu, kisha nikaruka kutafuta simu: saa 2 asubuhi lilikuwa linatoka bango la watoto wanacheza ngoma. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na nywila. Asubuhi yake nikampa mkurugenzi ruhusa ya kusimamisha, nikaongeza hali ya sita, "Imesitishwa".

Mstari wa Machi 18 bado upo kwenye kalenda ile. Bango la watoto halikutoka tena.