Kamera ya Getini, Kutoka Kivuli Hadi Sura

Sura ya mtu aliyepita getini husomeka kutegemea pikseli ngapi zimeiangukia. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linalopigwa ili mtu asiyejulikana aweze kutambuliwa. Kwa mtu ambaye mtazamaji anamfahamu tayari, 125 zilitosha. Kamera ya duka moja la vifaa vya ujenzi, iliyofungwa chini ya paa mita 8 kutoka getini, ilichukua miaka mingi kukaribia 250.

Ya kwanza ilikuwa ya analogi. Kinasa kilihifadhi picha ya pikseli 352 kwa 288, na lenzi ya milimita 2.8 iliona upana wa karibu mita 20 pale getini. Hizo ni pikseli 17 au 18 kwa mita, kwa hiyo uso wa sentimita 16 ulipata pikseli tatu tu. Duka lilipoibiwa, picha ilitosha kuonyesha kwamba mtu fulani aliingia akiwa na shati jeupe, basi.

Ikaja kamera ya dijitali ya pikseli 1920 kwa 1080. Picha ilipendeza kwenye runinga, lakini kwa lenzi ileile pana geti lilipata pikseli 96 kwa mita, bado chini ya kiwango. Mwenye duka alitaka kununua kamera ya megapikseli 8. Fundi akabadilisha lenzi badala yake, akaweka ya milimita 6 inayoona upana wa mita 8 hivi, na hesabu ikapanda hadi 240. Hakuna hatua nyingine iliyoleta faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho. Kilichopotea ni uwanja wa kushoto na kulia, na kwa ajili hiyo kamera ya pili yenye lenzi pana ilibaki ukutani.

Hata hivyo nyuso ziliendelea kuvunjika vipande vya mraba. Kinasa kilikuwa kimewekwa megabiti 1 kwa sekunde ili diski idumu. Mfumo wa H.264 huokoa nafasi kwa kuandika zaidi yale yaliyobadilika kati ya fremu na fremu. Uwanja ukiwa mtulivu picha ni safi, lakini mtu akikatiza, mabadiliko huwa mengi kuliko biti zilizopo, na uso huharibika wakati uleule unapohitajika. Kwenye menyu, `Bitrate` ilipandishwa hadi megabiti 4, fremu 15 kwa sekunde. Kila kamera sasa hula gigabaiti 43 kwa siku, na diski ya terabaiti 2 inayohudumia kamera mbili, iliyokuwa ikitunza miezi mitatu, hutunza siku 23. Ni bora siku 23 zenye nyuso kuliko miezi mitatu ya vivuli.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Ikiachwa ijiamulie, kamera hufungua shata kwa 1/25 ya sekunde gizani. Mtu atembeaye mita 1.5 kwa sekunde husogea sentimita 6 katika muda huo, yaani pikseli 14, na uso wake hugeuka mkwaruzo. Akisimama anaonekana vizuri, na ndiyo maana kasoro hii haionekani fundi anapokagua picha ya uwanja mtupu. Kwa 1/100 mkwaruzo hushuka hadi chini ya pikseli 4, na kwa kuwa umeme wa gridi ni wa hezi 50, kasi hiyo pia huzuia picha kupepesa chini ya taa.

Lakini 1/100 huingiza robo tu ya mwanga. Kamera hufidia kwa kukuza mawimbi ya kihisi, na chengachenga zinazotokea hubadilika kila fremu, hivyo hula biti zilezile zilizotengwa kwa ajili ya uso. Taa za infraredi zilizomo ndani ya kamera hazikusaidia vya kutosha, kwani utando wa buibui mbele ya lenzi uling'aa ukafunika picha yote. Dawa ilikuwa taa nyeupe ya LED kwenye nguzo, mita 2 tu kutoka mahali mtu anapopita, ikimulika usoni. Taa ya nguvu ileile na mtawanyo uleule, ikisogezwa kutoka mita 8 hadi 2, hutoa mwanga mara 16. Rangi za nguo zilirudi pia.

Tangu hapo kila badiliko hujaribiwa saa nne usiku: mtu anapita getini kwa mwendo wake wa kawaida, rekodi inasimamishwa, na uso unaangaliwa fremu kwa fremu. Namba za magari hazikuwahi kusomeka usiku kwa kamera hiyo. Gari la kilomita 20 kwa saa husogea zaidi ya sentimita 5 katika 1/100, na bamba hurudisha mwanga wa taa likageuka jeupe tupu. Kazi hiyo inataka kamera yake, yenye shata ya 1/500 au kasi zaidi, ambayo usiku huona bamba na karibu hakuna kingine.