Ulimi wa Pwani mbele ya Aini na Swadi



Mimi ni mtu wa pwani. Nilipofika Kisondela, wilayani Rungwe, kwenye migomba na chai na mvua isiyokatika, nilikuja kusomesha Qur'ani, na nilikuja na kiburi nisichokijua. Kinyakyusa hakina dh wala z, basi watoto wangu wa chuoni waliposoma "alladhina" ilitoka "allasina". Nikawasahihisha kutwa, huku nikijisemea moyoni: sisi wa pwani dh na th na gh tumezinyonya kwa mama zetu.

Siku moja kijana mmoja alikuwa akisikiliza kanda ya Shehe Mahmud Khalil Al-Husary wa Misri, yule ambaye mwaka 1961 Qur'ani nzima ilitolewa katika santuri kwa sauti yake. Akanijia kwa adabu: "Shikamoo Shehe. Mbona katika Alhamdu yeye asema an'amta, nasi twasema anamta?" Nikamjibu kuwa ni mamoja.

Si mamoja. Usiku nilijisomea polepole, nikaona haya. Neno lenye aini maana yake ni "umewaneemesha". Ukiiangusha aini hubaki neno jingine la Kiarabu, maana yake "umewalaza usingizi". Na mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya watu!

Sababu yake ni nyepesi kuiona. Kiswahili kimeyapokea maneno ya aini kwa wingi: elimu, akili, arusi, saa. Lakini aini yenyewe hatukuipokea. Tuliiacha bandarini tukachukua irabu tu. Kwa hiyo mtu wa pwani na mtu wa Kisondela, katika herufi hii, ni sawasawa. Tena wa pwani ana hatari zaidi, kwa kuwa neno analijua, na hadhani kuwa ana la kujifunza.

Basi tulijifunza pamoja, mimi na watoto wangu. Wanavyuoni wa tajwidi wamezipanga herufi sita za koo katika mahali patatu. Chini kabisa ni hamza na ha nyepesi. Katikati ni aini na ile hha ya "Muhammad". Juu ni ghaini na kha. Anza, basi, na hha: ibane katikati ya koo, pumzi ipite kwa mkwaruzo mkavu. Ukiipata, weka kidole kooni, kisha tia sauti katika pumzi ile ile bila kuhamisha kitu. Kidole kikisikia mtetemo, hiyo ndiyo aini. Ikikatika ghafla kama mlango uliofungwa, umetoa hamza. Ikikwaruza juu kama mtu anayesukutua, umetoa ghaini. Na usijikabe, aini si kutapika.

Jipime kwa maneno mawili: "alimu" kwa aini ni Mjuzi, kwa hamza ni chenye kuumiza. La kwanza ni sifa ya Mola wetu, la pili huelezwa nalo adhabu.

Kosa la pili ni letu hasa sisi wa pwani. Herufi nzito, swadi, dhwadi, twa na dhwa, tumezitengenezea dawa ya kienyeji: tumezitia w. Twasema swala, twahara, swaumu. Kwa Kiswahili ni sawa, wala simkosoi mtu. Lakini mbele ya Qur'ani w ile ni herufi ya ziada. Uzito wa swadi hautoki midomoni. Ncha ya ulimi hukaa pale pale pa sini, na nyuma ya ulimi huinuka kuelekea kaakaa. Midomo haina kazi. Chukua kioo, soma neno la "njia" katika Alhamdu, lenye swadi mwanzo na twa mwisho. Midomo ikichongoka, umesoma "swirata" kwa w, na hukutoa swadi.

Na anayeuacha uzito kabisa naye hubadili maana. "Twini" ni udongo, "tini" ni tunda. Asiyetofautisha hizi mbili husoma kuwa mwanadamu ameumbwa kwa matunda.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kuweza kujifunza akabadili herufi ya Alhamdu, kisomo cha neno lile hakikusihi, na hulirudia. Aliyejitahidi ulimi ukakataa ana udhuru, na Mtume (S.A.W.) amembashiria asomaye kwa taabu kuwa ana malipo mawili. Mimi niliweza kujifunza, ila sikujua kuwa nakosa.

Yule kijana sasa husoma aini vizuri kuliko mimi. Hapo zamani nikimsahihisha "allasina"; siku hizi nikipitiwa, yeye hukohoa kidogo nyuma yangu, nami hurudi nikalisoma neno upya.

Wabillahi tawfiqi.