Kampuni ina jina la mdomo na jina la daftari

Mwaka jana wachimba mawe kumi na moja wa pembeni ya Bunia walikuja kwetu kwenye redio. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi minne. Avoka aliyekubali kuwasaidia aliwaambia neno moja: leteni jina kamili la kampuni, kama lilivyoandikwa kwenye Daftari la Biashara, RCCM. Bila lile jina, karatasi ya kuita kampuni kwenye tribinali inaweza kukataliwa, sababu aliyeandikwa juu yake hayuko kisheria. Wachimba mawe walikuwa na jina la mdomo tu, na muhuri uliofutika nusu.

Kampuni yenyewe siitaji, kesi ingali mezani. Lakini namna tuliyoitafuta naweza kuionyesha kwa jina ambalo kila mtu wa Ituri analijua.

Mzee wa hapa atakuambia "Okimo". Kijana atasema "Sokimo". Ukiandika moja ya hayo, mashini inaweza kukujibu sifuri, kwa sababu ufupisho mara nyingi hauandikwi ndani ya jina rasmi. Zamani jina lilikuwa Office des Mines d'Or de Kilo-Moto. Sasa ni Société Minière de Kilo-Moto. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza wazee herufi za ule ufupisho zinasimamia maneno gani, na kama jina liliwahi kubadilishwa.

La pili ni kuchagua neno adimu. Société linabebwa na makampuni mengi mno, halikusaidii. Tena lina vistari juu ya herufi: karani mmoja anaviweka, mwingine anaviacha. Kilo-Moto ni adimu, lakini linaweza kuandikwa Kilo-Moto, Kilo Moto au Kilomoto. Hapo ndipo zinaingia alama za kujaza pengo. Mahali pengi alama `%` au `*` inasimamia herufi zozote, hata kama hakuna hata moja. Alama `_` au `?` inasimamia herufi moja tu. Ukiandika hivi:

```
%kilo%moto%
```

unapata maandishi yote matatu. Ukiandika `%moto%` peke yake, utaletewa wauza pikipiki na magari wote wenye neno Motors kwenye jina. Na kama matokeo bado ni mengi, ongeza kipande ambacho kiko katika jina la zamani na la sasa pia:

```
%min%kilo%moto%
```

Kipande `min` kiko ndani ya Mines na ndani ya Minière. Ungeweka `mini`, jina la zamani lingepotea. Ungeweka `minière`, ungempoteza hata karani aliyeacha kistari.

Kabla ya kuamini sifuri, jaribu alama zako kwa kampuni unayojua kwamba imeandikwa. Kama nayo haitoki, mashini ile haijui alama hizo, inazisoma kama herufi za kawaida. Mashini nyingine zinatafuta mwanzo wa jina tu. Hapo utalazimika kuanza na neno la kwanza, hata likiwa Société.

Kwa wachimba mawe wetu, muhuri ulikuwa umebakiza herufi tano za katikati. Tulizizungushia `%` pande zote mbili. Kwenye daftari la hapa hakikutoka kitu. Avoka alitukumbusha kwamba kampuni inaandikishwa pale makao yake makuu yalipo, si pale inapopasua mawe. Tukaomba utafutaji uleule ufanywe Kinshasa, yakatoka majina matatu.

Hapo usishangilie bado. Majina kufanana si ushahidi. Tulitazama namba ya RCCM ya kila moja. Ndani ya namba kuna herufi: A ni mtu binafsi anayefanya biashara, B ni kampuni. Moja ilikuwa A, tukaiweka pembeni, kwa kuwa muhuri wetu ulionyesha SARL. Kati ya mbili zilizobaki, moja tu ndiyo iliyokuwa na msimamizi yule aliyesaini barua ya kazi ya mmoja wa wachimba mawe. Avoka akaomba nakala rasmi ya ukurasa ule, akaandika jina herufi kwa herufi.

Na ikiwa mashini imekataa kabisa, uliza makaratasi. Kuna mafaili ya zamani ambayo hayajaingizwa kwenye kompyuta. Wazee wa biashara bado wana namba za NRC, zile za kabla ya sheria ya OHADA iliyoanza kwetu mwaka 2012. Wakati ule kampuni nyingi ziliitwa SPRL, leo ni SARL. Kwa hiyo herufi hizo za mwisho usiziandike wakati wa kutafuta. Ziache ulinganishe nazo mwishoni.